Muhtasari wa ukurasa mmoja wa andiko la utafiti: lengo, umuhimu na hesabu ambayo jopo linaweza kuifuata

*Shikamoo Daktari. Nimemaliza shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam na ninaomba feloshipu ya mwaka mmoja, kuanzia Januari, kwa utafiti wa mbu wanaoeneza homa ya dengi. Wanataka muhtasari wa ukurasa mmoja wenye lengo, umuhimu na utekelezekaji, na wamesema wazi kwamba wapitiaji si wataalamu wa fani. Nimepanga kukagua nyumba 240 katika mitaa minne. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Lengo la utafiti huu ni kuchunguza ikolojia ya mazalia ya Edesi ejipti na viambatanishi vyake vya kijamii na kimazingira mijini, ili kuchangia jitihada za udhibiti wa dengi." Rafiki yangu mhasibu ameisoma akasema hajaelewa nitafanya nini. Nirekebishe wapi?*

Marahaba, mwanangu. Huyo rafiki yako mhasibu ndiye msomaji wako halisi, basi tuanzie pale alipokwama. Sentensi yako ina maneno yanayomzuia mlangoni: ikolojia, mazalia, viambatanishi, na jina la kitaalamu la mbu. Lakini hata ukiyaondoa yote, bado hatajua utafanya nini, kwa sababu kitenzi chake ni "kuchunguza", na kuchunguza hakuna mwisho. Mtu anaweza kuchunguza mwaka mzima na asipatikane wa kumwambia amemaliza au hajamaliza. Mpitiaji anayegawa fedha za mwaka mmoja anataka kuona mahali pa kuweka alama ya vema mwaka ukiisha.

Kumbuka pia ukurasa huu unavyotumika. Katika majopo mengi, mmoja au wawili ndio hupewa andiko zima walisome kwa kina, na wengine hutoa alama wakiwa wameshika muhtasari tu. Yule aliyesoma lote atatakiwa kuwaeleza wenzake kwa dakika chache wewe ni nani na unataka nini. Ukurasa wako unampa maneno ya kusema. Kama hauna sentensi anayoweza kuisoma kwa sauti na wenzake wakaelewa, atatunga yake, na hutakuwepo kumsahihisha.

Lengo

Anza na jedwali la matokeo kabla hujaandika lengo. Chukua karatasi uchore jedwali ambalo ungelipenda kuwa nalo mwezi wa mwisho wa feloshipu. Kwa kazi yako, mistari itakuwa aina za vyombo vya maji: madumu na ndoo, mapipa, simtanki, matairi yaliyotupwa, vyungu vya maua, na takataka zinazokusanya maji kama makopo na vifuu. Safu zitakuwa tatu: vyombo vingapi vya aina hiyo vilikutwa na maji, mbu wangapi wanakaribia kutoka humo, na hao ni asilimia ngapi ya mbu wote. Jedwali moja la masika, lingine la kiangazi. Sasa andika sentensi inayosema utalijaza jedwali hilo, basi:

> Utafiti huu utabainisha ni aina zipi za vyombo vya maji zinatoa mbu wengi zaidi wa dengi katika nyumba 240 za mitaa minne ya Dar es Salaam, mwishoni mwa masika na wakati wa kiangazi. Swali tunalotaka kulijibu ni moja: je, kusafisha aina mbili au tatu za vyombo kunatosha kuondoa mbu wengi, au ni lazima kila chombo kisafishwe?

Rafiki yako sasa ana kitu cha kuhesabiwa, mahali, wakati, na swali lenye majibu mawili. Hayo majibu mawili yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana. Ukikuta robo tatu ya mbu wanatoka kwenye mapipa na matairi, una jibu. Ukikuta wametawanyika karibu sawa katika aina zote, pia una jibu: kwamba njia ya mkato haipo. Andiko ambalo lina faida endapo tu matokeo yatakwenda upande mmoja humtia mpitiaji wasiwasi, hata asipoweza kusema kwa nini. Lako halina udhaifu huo, kwa hiyo uonyeshe wazi.

Utaona sikutaja jina la kitaalamu la mbu. Ukipenda liandike mara moja tu, baada ya maelezo ya kawaida: mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Neno "pupa" lina tatizo la namna yake. Kwako ni hatua ya mwisho ya mbu majini, baada ya kiluwiluwi na kabla ya kuruka. Kwa msomaji wa kawaida, pupa ni haraka. Utalihitaji kwa sababu ndicho kitu utakachohesabu, basi lieleze pale pale linapotokea mara ya kwanza, kisha litumie hilohilo hadi mwisho. Ukiita pupa mstari huu, "hatua changa" mstari unaofuata na "wadudu wa majini" baadaye, msomaji atadhani unahesabu vitu vitatu.

Kuna mpitiaji atakayeuliza kwa nini usihesabu viluwiluwi, ambao ni rahisi kuwaona. Mjibu kwa sentensi moja kwenye ukurasa. Kipimo cha zamani huhesabu vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, na kwa kipimo hicho kopo lenye kiluwiluwi mmoja lina uzito sawa na pipa lenye mia tatu. Isitoshe, viluwiluwi wengi hufa kwa njaa na msongamano kabla ya kukua. Pupa hali chochote, na wengi wao hufanikiwa kuruka, kwa hiyo idadi ya pupa iko karibu zaidi na idadi ya mbu watakaotoka. Huo ndio msingi wa utafiti wako wote, na katika maelezo uliyonitumia haumo.

Umuhimu

Sehemu hii ndiyo waombaji wengi hujaza kwa sentensi zinazoweza kubandikwa kwenye andiko lolote: ugonjwa ni tishio, mamilioni wako hatarini, nchi zinazoendelea zinaathirika zaidi. Hakuna mpitiaji atakayepinga, na hakuna atakayekupa alama kwa hilo, kwa sababu mwombaji mwingine wa dengi ameandika vilevile. Mistari minne imekwenda.

Anza na kinachofanyika sasa na kwa nini hakitoshi. Kaya za Dar es Salaam zinashauriwa kumwaga, kusugua au kufunika vyombo vyote vya maji kila wiki. Wiki ina sababu: kwenye joto la pwani, yai la mbu huyu huweza kufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo anayesafisha kila wiki anakata mzunguko kabla haujakamilika. Lakini mama anayepata maji ya bomba kwa mgawo hawezi kumwaga pipa lake kila Jumamosi. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgawo ukabana, kila nyumba iliyoweza iliongeza vyombo vya kuhifadhi. Ushauri wa "vyote, kila wiki" unagongana na maisha hapo. Pengo lako la maarifa liko hapo hapo: hatujui ni vyombo gani vikiachwa havileti madhara makubwa, na vipi visiachwe hata wiki moja.

Mpitiaji mwanauchumi ataelewa hilo bila kujua lolote kuhusu mbu. Ni swali la mahali pa kuweka nguvu kidogo zilizopo. Aya yako ingeweza kusomeka hivi:

> Homa ya dengi imelipuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2014 na 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Njia kuu ya kumpunguza ni kuondoa maji anamozaliwa. Kaya hushauriwa kusafisha vyombo vyote kila wiki, jambo gumu kwa anayehifadhi maji kwa sababu ya mgawo. Kama mbu wengi wanatoka katika aina chache za vyombo, maofisa afya wa kata wataweza kuwaelekeza wananchi kwenye hizo kwanza. Kama wanatoka katika aina zote kwa uwiano unaokaribiana, watajua kwamba kampeni ya vyombo vichache isitegemewe. Utafiti huu unahesabu mbu. Haupimi wagonjwa, na hautadai kuonyesha kupungua kwa ugonjwa.

Ile sentensi ya mwisho iache ilivyo, hata kama msimamizi wako atakwambia inakudhoofisha. Katika jopo la watu mchanganyiko karibu kila mara kuna daktari au muuguzi, na swali lake la kwanza ni kama utapima dengi kwa binadamu. Asipokuta jibu, atadhani hukufikiria. Akilikuta, atajua mpaka wa kazi yako na atakupima ndani ya mpaka huo. Kwa sababu hiyohiyo usiandike kwamba utafiti "utatokomeza" au "utapunguza" dengi. Orodha ya vyombo haipunguzi ugonjwa. Watu wakiifanyia kazi ndipo mbu hupungua, na kupungua kwa mbu si lazima kulingane na kupungua kwa wagonjwa.

Angalia pia aliyetajwa kuwa mtumiaji wa matokeo: ofisa afya wa kata. "Wadau" na "watunga sera" hawana ofisi unayoweza kuipelekea karatasi. Ofisa afya wa kata anayo, anaingia kwenye nyumba za watu, na anaweza kubadili anachowaambia wiki inayofuata. Kama umeshazungumza na mmoja wao katika kata utakazofanyia kazi na akasema angeitumia orodha hiyo, ongeza nusu sentensi inayosema hivyo. Kama hujazungumza naye, nenda kabla ya kuwasilisha andiko. Hutapoteza zaidi ya asubuhi moja.

Utekelezekaji

Hapa ndipo andiko la mtu mwenye wazo zuri huangukia. Kosa la kawaida ni kueleza uwezo kwa sifa: "timu yenye uzoefu", "mbinu za kisasa", "muda unatosha". Mpitiaji asiye wa fani hawezi kupima sifa hizo. Anachoweza kupima ni hesabu, hasa akiwa mhandisi au mhasibu, na hesabu akiifuata mwenyewe ikatoka, anakuamini hata kwa yale asiyoyaelewa.

Tufanye hesabu yako. Nyumba 240, yaani 60 kwa kila mtaa. Kagua kwa jozi, mmoja anachota na kuhesabu, mwingine anaandika na kuzungumza na wenye nyumba. Nusu saa kwa nyumba ni makadirio ya haki ukijumlisha salamu, maelezo na ridhaa. Jozi moja ikikagua nyumba 10 kwa siku, hiyo ni saa tano za kazi yenyewe, na saa zinazobaki ni za kutembea na kurudisha chuoni vikombe vyenye pupa. Jozi mbili ni nyumba 20 kwa siku. Mia mbili na arobaini ukigawa kwa 20 ni siku 12. Duru mbili ni siku 24.

Ukishapata 24, nenda kwenye jedwali la bajeti. Watu wanne kwa siku 24 ni posho 96 za siku. Kama bajeti yako inasema 120, kuna mtu ataliona, na kuanzia hapo atasoma kila namba yako kwa mashaka. Kama unahitaji siku za ziada kwa ajili ya nyumba zilizokutwa zimefungwa, na utazihitaji, ziandike kwa jina lake: Jumamosi mbili kwa kila duru za kurudia nyumba zilizofungwa. Zinakuwa siku 28 na posho 112, kote kote.

Sasa neno "nyumba". Katika makazi kama Tandale au Buguruni, nyumba moja yenye vyumba sita inaweza kuwa na wapangaji sita, kila mmoja na ndoo zake mlangoni na pipa moja la wote uani. Mikocheni, nyumba moja ni familia moja yenye simtanki juu ya mnara na vyungu vya maua barazani. Usipofafanua, mpitiaji atadhani unalinganisha vitu vinavyofanana. Amua kwamba kipimo chako ni jengo pamoja na ua wake, haidhuru kaya ngapi zinaishi humo, na iandike kwa maneno kama kumi. Kwenye andiko kamili utaeleza pia kwamba utahesabu kaya zilizomo, ili uweze kulinganisha kwa kaya baadaye.

Kwa nini 240 na si 60? Fomula haina nafasi kwenye ukurasa huu, ila sababu inayo. Pupa hawagawanyiki sawa: nyumba nyingi hutakuta hata mmoja, na nyumba chache utakuta mamia, pengine katika pipa moja lililosahauliwa nyuma ya choo. Ukikagua nyumba 60 tu, pipa moja la namna hiyo linaweza kugeuza jibu lako lote. Nyumba nyingi zaidi hupunguza nguvu ya pipa hilo. Mhasibu anaielewa hoja hii haraka, kwa sababu ameshaona mteja mmoja mkubwa akipotosha wastani wa mauzo.

Halafu kuna simtanki. Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika mpango wako, na kama halijibiwi, mtu mwenye akili ya vitendo atalishika. Dumu la lita 20 unalimimina kwenye chujio na kuhesabu pupa mmoja mmoja. Tanki la lita 1,000 lililojaa maji ambayo familia imeyanunua huwezi kulimwaga. Ukiyaruka matanki, umeacha chombo kikubwa kuliko vyote. Ukichota kikombe kimoja juu juu ukahesabu kama ndiyo jumla, umelipunguza tanki mara nyingi na jedwali lako litasema uongo: matairi yataonekana mabaya na matanki masafi.

Njia inayotumika ni wavu wenye mpini. Unaupitisha kwenye maji kwa namna ileile kila mara, tuseme mizunguko mitano kando kando na juu, unahesabu pupa uliowapata, kisha unazidisha kwa kizidishio. Kizidishio hicho hukikisii. Unakipata chuoni kabla ya kazi: unaweka pupa 100 waliohesabiwa katika tanki la kipimo hicho, unasubiri watulie, unapitisha wavu mara tano, unaona umewapata wangapi. Ukipata wastani wa 25 baada ya kurudia mara nyingi, kizidishio chako ni 4. Kifanye kwa tanki lililojaa, la nusu, na la robo, maana pupa huwa juu wakivuta hewa lakini kivuli au mtikisiko kidogo tu huwashusha chini, na kina cha maji hubadili idadi utakayoipata. Kumbuka pia ngazi na ruhusa ya kupanda mnara. Haya yote hayaingii kwenye muhtasari. Kinachoingia ni sentensi moja inayoonyesha kwamba umelifikiria.

Mwisho wa utekelezekaji ni vibali na mvua, na viwili hivi vinategemeana. Feloshipu yako inaanza Januari. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei. Kibali cha maadili kinapita kwenye kamati husika, kisha barua zinashuka kutoka mkoa hadi wilaya, halmashauri, kata, na mwishowe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye bila yeye hakuna atakayekufungulia geti. Ukiahidi kuanza kazi ya nyumbani kwa nyumba Februari, mpitiaji wa hapa nchini atajua huijui njia hiyo. Weka miezi minne ya mwanzo kwa vibali, mafunzo na kutafuta kizidishio cha wavu. Duru ya kwanza Mei, masika yanapoishia. Duru ya pili Agosti, katikati ya kiangazi.

Na vibali vikichelewa hadi Juni? Usiandike "tutafuatilia kwa karibu". Andika mpango: kiangazi kitangulie Agosti, kisha duru ya mvua ifanyike Novemba wakati wa vuli. Ulinganisho wa mvua na ukame unabaki, mfuatano tu ndio umegeuka. Gharama yake ni kwamba uchambuzi utabaki na mwezi mmoja badala ya minne, na unaweza kuubeba mzigo huo iwapo takwimu zitaingizwa kwenye kompyuta siku ileile zinapokusanywa. Sema hivyo. Mpitiaji akiona umekubali gharama, anajua mpango wa pili si wa kujaza nafasi.

> Jozi mbili za wakaguzi zitakagua nyumba 20 kwa siku, nusu saa kila moja. Nyumba ni jengo pamoja na ua wake. Nyumba 240 zitakamilika kwa siku 12, pamoja na Jumamosi mbili kwa nyumba zilizofungwa, mwezi Mei na tena Agosti. Idadi hii inahitajika kwa sababu mbu hujikusanya katika nyumba chache. Tutahesabu pupa, hatua ya mwisho ya mbu kabla ya kuruka, kwa kuwa wengi wao hufikia kuruka, tofauti na viluwiluwi ambao wengi hufa mapema. Kwenye matanki makubwa tutatumia wavu na kukadiria jumla kwa kizidishio kilichojaribiwa chuoni. Pupa watawekwa katika vikombe vyenye chandarua hadi waruke, kwa kawaida siku 2 hadi 3, ili aina yao ithibitishwe. Mwombaji alitambua mbu kwa njia hii katika utafiti wake wa uzamili, na chumba cha kufugia mbu cha chuo mwenyeji kimethibitishwa kwa barua. Miezi minne ya kwanza ni ya vibali na mafunzo. Vibali vikichelewa, kiangazi kitatangulia na duru ya mvua itafanyika Novemba.

Sentensi ya mwombaji na barua iandike kama ni kweli tu. Feloshipu humlipia mtu pamoja na kazi yake, kwa hiyo jopo lazima lione kwamba mikono itakayofanya kazi hii ni yako. Kama hukutambua mbu katika uzamili wako, sema nani atakufundisha na mwezi gani. Kwa kazi hii mafunzo si marefu: mbu wa dengi akishatoka kwenye pupa ana alama nyeupe mgongoni yenye umbo la kinubi, inayoonekana kwa lenzi nzuri, na miguu yenye pete nyeupe. Kulex, mbu wa kawaida wa mitaroni, hana alama hizo. Ukihesabu pupa bila kusubiri waruke, utawachanganya hao wawili, hasa kwenye mapipa yenye maji machafu.

Kuviweka vyote kwenye karatasi moja

Karatasi ya A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 na herufi za ukubwa wa 11 inabeba maneno kama 450 ya Kiswahili ukiacha nafasi ya kichwa na vichwa vidogo. Aya tatu nilizokuandikia zinaingia, na inabaki nafasi ya maneno zaidi ya mia moja. Utekelezekaji umechukua sehemu kubwa kuliko lengo, na ndivyo inavyopaswa kwa kazi ya uwandani. Ukizidisha maneno, usipunguze herufi wala pambizo. Punguza sentensi za utangulizi katika umuhimu. Kama mfadhili ametoa ukubwa wake wa herufi, huo ndio sheria.

Kichwa cha andiko kiwe swali lenyewe: "Ni vyombo gani vya maji vinavyozalisha mbu wengi wa dengi Dar es Salaam?" Hapo tahadhari moja. Mitaa minne haisemi kwa niaba ya jiji zima. Ukichagua mmoja Tandale, mmoja Buguruni, mmoja Mikocheni na mmoja Upanga, una makazi yaliyobanana na ya viwanja vilivyopimwa, lakini huna pembezoni mwa jiji ambako maji yanatoka visimani. Ongeza "katika mitaa minne ya" kabla ya jina la jiji.

Fomu ikitaka Kiingereza, andika kwanza kwa Kiswahili hivi hivi, kisha ugeuze. Neno la kitaalamu ambalo hukuweza kulieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kwenye daladala mara nyingi ndilo hukulielewa vizuri wewe mwenyewe, na ni bora uligundue sasa.

Kabla ya kutuma, mrudishie rafiki yako mhasibu. Mpe dakika tatu, kisha chukua karatasi. Muulize kitahesabiwa nini, na nani atalitumia jibu. Muulize wavu ni wa nini. Muulize vibali vikichelewa itakuwaje. Usimsaidie wala usimfafanulie, andika tu anavyojibu. Pale atakapojibu vingine, tafuta sentensi iliyompoteza na uibadilishe hiyo peke yake, kisha tafuta msomaji mwingine ambaye hajauona ukurasa, kwa sababu rafiki yako sasa ameshajua majibu.